Mfululizo wa kijiometri

Mfululizo wa kijiometri ni jumla ya namba zinazofuatana ambapo kila namba hupatikana kwa kuzidisha ile iliyotangulia kwa namba moja isiyobadilika. Namba hiyo huitwa uwiano na kwa kawaida huandikwa *r*. Namba ya kwanza huandikwa *a*. Hivyo mfululizo huo huwa na umbo hili:

a + ar + ar² + ar³ + ...

Kwa mfano, katika 3 + 6 + 12 + 24, namba ya kwanza ni 3 na uwiano ni 2. Uwiano hupatikana kwa kugawanya namba yoyote kwa ile iliyo mbele yake: 12 ÷ 6 = 2.

Mfululizo wa aina hii umo ndani ya kila desimali inayojirudia, kama 0.727272..., na ndiyo sababu desimali hizo zinaweza kugeuzwa kuwa sehemu.

## Jumla ya namba chache

Jumla ya namba *n* za kwanza huitwa Sₙ. Kuipata, jumla yote huzidishwa kwa *r*, kisha mistari miwili hutolewa mmoja kutoka kwa mwingine:

Sₙ = a + ar + ar² + ... + arⁿ⁻¹
rSₙ = ar + ar² + ... + arⁿ⁻¹ + arⁿ

Namba zote za katikati zipo katika mistari yote miwili, kwa hiyo hufutana. Hubaki *a* ya mwanzo na arⁿ ya mwisho:

Sₙ − rSₙ = a − arⁿ
Sₙ = a(1 − rⁿ) / (1 − r)

Kanuni hii hutumika kwa uwiano wowote isipokuwa 1, kwa kuwa hapo 1 − r huwa sifuri na haiwezekani kugawanya kwa sifuri. Uwiano ukiwa 1, namba zote ni sawa na jumla ni *n* mara *a*. Katika kitabu cha tisa cha *Elementi*, Euklides alithibitisha kanuni yenye maana hiyohiyo.

## Mfululizo usio na mwisho

Mfululizo usio na mwisho hauwezi kujumlishwa namba moja baada ya nyingine hadi kumalizika. Kinachotazamwa ni jumla za hatua kwa hatua: S₁, S₂, S₃ na kuendelea. Jumla hizo zikisogea karibu na namba moja kadiri mtu anavyotaka, na kubaki karibu nayo, namba hiyo huitwa kikomo, na ndiyo inayochukuliwa kuwa jumla ya mfululizo wote.

Katika kanuni ya Sₙ, kitu pekee kinachobadilika hatua zinapoongezeka ni rⁿ. Kwa hiyo kila kitu hutegemea *r*:

* Ikiwa r iko kati ya −1 na 1, rⁿ hupungua kuelekea sifuri. Kwa r = 1/10, r⁶ tayari ni 0.000001. Kikomo kipo, nacho ni S = a / (1 − r).
* Ikiwa r ni kubwa kuliko 1 au ndogo kuliko −1, ukubwa wa rⁿ huongezeka bila mpaka. Jumla haipo.
* Ikiwa r = 1, namba ileile hujumlishwa daima, na jumla haiachi kukua, isipokuwa a ikiwa sifuri.
* Ikiwa r = −1, jumla huruka huku na huku. Katika 1 − 1 + 1 − 1 + ..., jumla za hatua ni 1, 0, 1, 0, wala hazitulii popote. Guido Grandi, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliandika juu ya mfululizo huu mwaka 1703.

## Desimali inayojirudia

Desimali 0.727272... maana yake ni:

72/100 + 72/10,000 + 72/1,000,000 + ...

Huu ni mfululizo wa kijiometri wenye a = 72/100 na r = 1/100. Uwiano uko kati ya −1 na 1, hivyo jumla ipo:

S = (72/100) ÷ (99/100) = 72/99 = 8/11

Asili ya 99 inatokana na 1 − 1/100. Tarakimu moja ikijirudia, asili huwa 9; zikijirudia tatu, huwa 999. Baadaye sehemu hurahisishwa kama inawezekana.

## Mfano wenye tarakimu zisizojirudia

Katika 0.2363636..., tarakimu 2 haijirudii. Zinazojirudia ni 36. Sehemu hizo mbili hutenganishwa kwanza:

0.2363636... = 2/10 + (36/1,000 + 36/100,000 + ...)

Mfululizo ulio ndani ya mabano una a = 36/1,000 na r = 1/100. Jumla yake ni:

(36/1,000) ÷ (99/100) = 36/990 = 2/55

Kwa kuwa 2/10 = 11/55, jibu ni 11/55 + 2/55 = 13/55.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika 236/999, kana kwamba tarakimu zote tatu zinajirudia. Sehemu hiyo ni 0.236236236..., ambayo ni namba nyingine. Kosa hugundulika kwa kugawanya kiasi kwa asili: 13 ÷ 55 hurudisha 0.23636... Katika kugawanya kwa kikokotoo, tarakimu ya mwisho isitegemewe, kwa sababu vikokotoo vingi huikadiria. Ndiyo maana 2 ÷ 3 huonekana kama 0.666666667.

## Njia ya mkato na sharti lake

Shuleni mara nyingi hutumika njia fupi. Huandikwa x = 0.727272..., kisha 100x = 72.727272... Baada ya kutoa, 99x = 72, na x = 8/11. Jibu ni lilelile, kwa kuwa kutoa huku ni kule kulikofuta namba za katikati katika Sₙ.

Hata hivyo, njia hii huanza kwa kudhani kwamba *x* ni namba iliyopo. Ikitumiwa kwa 1 + 10 + 100 + 1,000 + ..., mtu ataandika x = 1 + 10x, na kupata x = −1/9. Namba zote zilizojumlishwa ni chanya, lakini jibu ni hasi. Hesabu ya mwisho haina kosa. Kosa liko mwanzoni, kwani uwiano ni 10 na jumla haipo. Katika desimali inayojirudia hatari hii haitokei, kwa kuwa uwiano wake daima ni 1/10, 1/100, 1/1,000 au mdogo zaidi.

## Kwa nini 0.999... ni 1

Kwa a = 9/10 na r = 1/10, jumla ni (9/10) ÷ (9/10) = 1. Wengi hudhani kwamba 0.999... ni pungufu kidogo ya 1. Kweli, kila jumla ya hatua ni pungufu: 0.9 hupungukiwa na 0.1, na 0.99 hupungukiwa na 0.01. Lakini 0.999... si mojawapo ya hatua hizo, bali ni jina la kikomo chake. Kama ingekuwepo tofauti yoyote kati ya kikomo hicho na 1, hata ndogo namna gani, baada ya hatua za kutosha pengo lingekuwa dogo kuliko tofauti hiyo. Kwa hiyo hakuna tofauti, na 0.999... na 1 ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili.