“Aidha” Imebeba Nini?

Muhula huu nimepitia rasimu kadhaa za wenzangu kuhusu utalii wa Kiwengwa. Mmoja hakuficha: insha kaandikiwa na programu, yeye kabandika jina tu. Aya yake moja, kwa ufupi, ilikuwa hivi:

“Kiwengwa ina ufukwe mrefu wenye hoteli nyingi. Aidha, wanawake wa pwani ya mashariki hulima mwani. Zaidi ya hayo, kuna msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe. Vilevile, maji ya bahari yanazidi kupata joto.”

Inasomeka vizuri, na hakuna sentensi ya uongo hapo. Lakini “aidha” ina kazi yake. Inamwambia msomaji: hoja niliyokwisha kuitoa, hii inaiongezea nguvu. Sasa jamani, kilimo cha mwani kinaongezea nguvu hoja ipi, kuwa ufukwe ni mrefu?

Jaribu hivi. Funika maneno hayo matatu, kisha zipange upya sentensi, ya mwisho iwe ya kwanza. Aya haidhuriki hata kidogo! Basi ujue viungo vile havikuwa vimeshika kitu.

Ubaya ni kwamba aya imefukia uhusiano wa kweli uliokuwepo. Joto la maji si jambo la nne kwenye orodha, ni sababu: ndilo linaloua mwani. Hoteli na mwani nazo hazijumlishwi tu, kwa kuwa zinagombania maji yale yale ya kina kifupi. Tuliiandika upya:

“Maji yakipata joto, mwani hufa, hasa aina ya kotoni inayolipa zaidi, na mama anayeulima hubaki na ule wa bei ndogo. Huko huko anakofunga kamba zake ndiko wageni wa hoteli wanakotaka kuogelea.”

Hamna “aidha” hata moja, ila sentensi zimeshikana. Kiungo kimo ndani ya maneno yenyewe: -ki- ya “yakipata” inaleta sharti, -u- ya “anayeulima” inarudi kwenye mwani, “huko huko” inakamata mahali. Kiswahili huunganisha sana kwa viambishi namna hii. Msitu tumeutoa, haukuwa na kazi pale.

Kwa nini programu hupenda “aidha”? Huchagua neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi iliyofunzwa. Mwanzoni mwa sentensi rasmi, “aidha” hufaa karibu popote, maana haikulazimishi useme kama hiki ni sababu, matokeo au kipingamizi.

Lakini wahadhiri wasihesabu “aidha” wakamtia mtu hatiani. Ripoti za serikali zilijaa neno hilo kabla programu hizi hazijazaliwa, na skuli wengi wetu tulifundishwa kulipachika kila aya. Bora wamwite mwanafunzi wamuulize: hii “aidha” yako inaongezea hoja gani?