Julai dunia iko mbali na jua, na Maskati kunaungua

Mwanzoni mwa Julai kila mwaka, dunia hufika mahali pa mbali kabisa na jua katika mzunguko wake, kama kilomita milioni 152. Mwanzoni mwa Januari huwa imelikaribia hadi kilomita milioni 147. Mkazi wa Dar es Salaam akisikia hivyo ataona mambo yamejieleza yenyewe: Julai ni kipupwe, watu wanajifunika shuka usiku, Januari ni jasho tupu. Mbali baridi, karibu joto. Kuna nini tena cha kuuliza?

Ampigie simu ndugu yake aliyeko Maskati. Julai hiyohiyo Maskati kunaungua, na Januari ndio mwezi wao wa kupumua. Miji hii miwili imo katika dunia moja, na siku hiyo dunia iko umbali uleule kutoka kwenye jua. Kama umbali ndio ungekuwa sababu, kipupwe kingewafika wote pamoja.

Wazo la umbali lina nguvu kwa sababu tumelichora wenyewe. Katika vitabu vingi vya shule njia ya dunia huchorwa kama yai, na jua limewekwa ndani, upande mmoja ukiwa karibu na mwingine mbali. Mchoro wa haki hauko hivyo. Ukiichora njia hiyo kwa upana wa sentimita 10, utofauti wake na duara kamili utafichwa na unene wa mstari wa penseli. Jua nalo litakaa pembeni ya kitovu kwa chini ya milimita moja.

Kinacholeta majira ni mwinamo. Mhimili wa dunia, ule mstari wa kufikirika ambao dunia hujizungusha juu yake, haukusimama wima juu ya njia ya dunia. Umeinama kwa digrii 23.4. Na haubadilishi uelekeo mwaka mzima: ncha yake ya kaskazini huelekea karibu na Nyota ya Kaskazini, iwe Juni au Desemba. Kwa hiyo dunia ikiwa upande mmoja wa jua, nusu ya kaskazini huwa imeinamia jua. Miezi sita baadaye, ikiwa upande wa pili, nusu ya kusini ndiyo inayoinamia.

Haya unaweza kuyaona kwa kijiti. Chomeka kijiti cha mita moja ardhini Dar es Salaam, kipime kwa timazi kiwe wima, kisha ungoje jua lifike juu kabisa, yaani, Juni na Desemba, saa sita mchana na dakika ishirini na kitu kwa saa yako. Juni 21 kivuli kitakuwa na urefu wa sentimita 58 hivi, na kitaelekea kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yako. Desemba 21 kitakuwa sentimita 30 tu, na sasa kitaelekea kaskazini. Katikati, karibu na Machi 3 na Oktoba 10, kivuli kitapotea kabisa kwa kitambo: hilo ndilo jua la utosi. Umbali hauwezi kuhamisha kivuli kutoka upande mmoja wa kijiti hadi mwingine. Mwinamo unaweza.

Jua likiwa chini linapasha kidogo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mtawanyiko. Mulika ukuta kwa tochi moja kwa moja, utaona duara dogo lenye mwanga mkali. Ilaze tochi, mwanga uleule unaenea eneo kubwa na kufifia. Maskati mwishoni mwa Juni jua la mchana liko karibu kabisa na utosi. Mwishoni mwa Desemba linafika digrii 43 tu juu ya upeo, hivyo mwanga ambao ungeangukia mita moja ya mraba unatandazwa juu ya karibu mita moja na nusu. Sababu ya pili ni urefu wa mchana: Maskati unapungua kutoka saa 13 na nusu hivi mwezi Juni hadi saa 10 na dakika 40 mwezi Desemba. Ukijumlisha yote mawili, mwinamo peke yake unaipunguzia Maskati karibu nusu ya jua la siku nzima. Dar es Salaam, iliyo karibu zaidi na ikweta, hupoteza kama asilimia 15 kutoka Desemba hadi Juni, na mchana wake hupungua kwa chini ya saa moja.

Hapa wengi hukubali neno mwinamo lakini huurudisha umbali kwa mlango wa nyuma: wanasema upande ulioinamia jua hupata joto kwa kuwa umelisogelea. Hebu tupime. Dunia nzima ina kipenyo cha kilomita 12,700 hivi. Hata ungeihamisha Maskati kutoka upande mmoja wa dunia hadi wa pili, ungekuwa umepunguza safari ya kilomita milioni 150 kwa chini ya sehemu moja katika elfu kumi. Joto halitokani na kusogea huko. Linatokana na pembe ambayo mwanga unaipiga ardhi.

Je, umbali hauna kazi yoyote? Unayo, na mimi huona si haki kuufuta kabisa. Tofauti ile ya kilomita milioni 5 huifanya dunia ipokee karibu asilimia 7 zaidi ya jua mwezi Januari kuliko Julai. Kwa Dar es Salaam umbali na mwinamo huvuta upande mmoja, ndiyo maana nadharia ile ya makosa huonekana imetimia. Nanyuki, palipo juu ya ikweta, mwinamo huzipa Juni na Desemba jua sawasawa, na asilimia hizo 7 ndizo pekee zinazobaki kati yao, kabla mawingu hayajaingilia. Kwa Maskati umbali huvuta kinyume na hushindwa vibaya. Dunia kwa ujumla nayo ina wastani wa joto wa juu zaidi Julai, ikiwa mbali, kwa kuwa nchi kavu kubwa ziko kaskazini na nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari.

Hiyo tofauti ya nchi kavu na bahari ndiyo injini ya pepo zetu. Jua linapoinamiwa na kaskazini, bara la Asia hupata moto, hewa yake hupanda, na hewa ya bahari ya kusini huvutwa kwenda kujaza nafasi: hiyo ni kusi. Desemba Asia hupoa, mambo hugeuka, na kaskazi hushuka kuja kwetu.

Mvua nazo hufuata jua la utosi, ila huchelewa, kwa sababu ardhi na bahari huhitaji wiki kadhaa kupata joto. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na masika hukolea Aprili. Hurudi utosini Oktoba na vuli huja Novemba. Ukienda kusini hadi Songea, jua hupita utosini karibu na Oktoba 21 na tena karibu na Februari 20. Siku hizo mbili zimekaribiana zaidi, na ukanda wa mvua hukaa jirani muda wote huo, hivyo vuli na masika huungana: Songea wana msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili.