Mama ana maduka ya kupangisha: jinsi tulivyojaza ritani yake bila kudanganya na bila kulipa zaidi

Mwaka jana mwezi wa nne Mama alinipa mfuko wa karatasi uliojaa risiti akaniambia, "Nijazie hiyo ritani ya KRA. Na uandike kila kitu nilichotoa, nisilipe." Mimi ni mtu wa duka. Nilimaliza Kidato cha Nne, nikaanza kuuza unga na sabuni. Ushuru nimejifunza kwa kusoma na kukosea. Nilipiga hesabu yake, nikapata hatalipa hata shilingi. Nilifurahi. Ilibaki kidogo tu nibonyeze kutuma.

Ngoja kwanza nieleze ni mapato gani, maana wengi huchanganya hapa.

Mama ana ploti Nakuru yenye maduka manne. Moja ni langu na silipi kodi, ni mtoto wake. Matatu amepangisha: saluni, bucha na fundi wa simu. Haya ni maduka, si nyumba za kulala. Ukipangisha nyumba za watu kuishi, na kodi yako ya mwaka iko kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, sheria ni nyingine: tangu Januari 2024 unalipa asilimia 7.5 ya kodi yote kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hutoi gharama hata moja. Wa hivyo akitaka kutoa gharama ni lazima aandikie KRA kwamba amechagua njia ya ritani ya mwaka. Lakini kodi ya duka, ofisi au stoo haimo kwenye huo mpango wa kila mwezi. Inaingia kwenye ritani ya mwaka, na hapo ndipo gharama zinatolewa. Kwa hivyo sisi wenye maduka ndio lazima tujue gharama gani inakubalika.

Hesabu yangu ya kwanza

Kila duka ni 15,000 kwa mwezi. Duka la simu lilikaa wazi miezi miwili, basi kodi iliyoingia mwaka wa 2024 ni 510,000. Kwenye ule mfuko nilikuta matumizi haya:

Mkopo wa SACCO wa kujenga maduka, 18,000 kila mwezi: 216,000
Ada ya ardhi ya kaunti: 12,000
Mama anayefagia uwanja na kuosha choo: 48,000
Kubadilisha mabati yanayovuja pale saluni: 28,000
Kujenga stoo mpya nyuma ya bucha: 150,000
Kupaka rangi nyumba anayoishi Mama: 20,000

Jumla 474,000. Ukitoa kwa 510,000 inabaki 36,000. Ushuru wake ni 3,600, na kwa vile kila mtu ana nafuu ya 28,800 kwa mwaka, inaisha yote. Sifuri.

Kuna mzee mteja wangu, karani wa hesabu aliyestaafu, huja kununua maziwa jioni. Nilimwonyesha ile karatasi kwa kujigamba. Akaiangalia, akauliza swali moja tu: "Kijana, kati ya hizi pesa, zipi zilitumika kuleta hii kodi ya mwaka huu?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Gharama inakubalika kama ilitumika kikamilifu kupata mapato hayo, na kama si ya kujenga au kuongeza mali. Tukaanza kupitia moja baada ya nyingine.

Mkopo: riba ndiyo, deni hapana

Hapa ndipo nilipokosea sana, na naona wengi wanakosea. Ile 18,000 ya kila mwezi si gharama yote. Sehemu yake ni riba, na sehemu ni kurudisha deni lenyewe. Deni ulilipokea kama pesa na halikuhesabiwa kama mapato yako, basi ukilirudisha pia si gharama. Riba pekee ndiyo hutolewa, na ni lazima mkopo uwe ulitumika kwenye hiyo mali. Ukikopa kwa jina la maduka halafu ukalipa mahari, hiyo riba haihusiki.

Usikisie. Nenda SACCO au benki uombe taarifa ya mkopo ya mwaka mzima inayotenganisha riba na deni. Ya Mama ilionyesha riba 84,000 na deni 132,000. Kwa hivyo 132,000 ilitoka kwenye orodha palepale.

Mabati ni ukarabati, stoo ni ujenzi

Mabati yaliyovuja yaliondolewa, yakawekwa mengine ya aina ile ile. Saluni imebaki saluni ile ile, imerudishwa tu hali yake. Huo ni ukarabati, unatolewa mwaka ule ule.

Stoo haikuwepo, sasa ipo. Hiyo ni mali mpya, na huwezi kuitoa yote mara moja kama gharama. Lakini usiitupe risiti. Sheria inaruhusu jengo la biashara likatwe asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kila mwaka, kwa mafungu sawa. Stoo ya 150,000 inampa Mama 15,000 kwa mwaka. Kwenye fomu hii ina ukurasa wake wa makato ya mtaji, usiichanganye na ukarabati. Ukiona "ukarabati" wa 150,000 kwenye kodi ya 510,000, hata wewe mwenyewe ungeuliza.

Namna ya kujipima: je, jengo limerudi lilivyokuwa, au limekuwa zaidi ya lilivyokuwa? Likirudi, ni ukarabati. Likizidi, ni ujenzi.

Duka langu nalo likatupunguzia

Hili sikulitarajia kabisa. Mimi silipi kodi, kwa hivyo robo ya ploti haileti mapato. Ada ya kaunti, riba ya mkopo uliojenga maduka yote manne, na mshahara wa anayefagia ni gharama za maduka yote. Mama anaweza kutoa robo tatu tu. Mabati na stoo ni za wapangaji peke yao, hizo hazigawanywi.

Kama ningekuwa nalipa kodi, kodi yangu ingeongezwa kwenye mapato yake, na gharama zingetolewa nzima. Huwezi kuchukua upande mmoja tu.

Rangi ya nyumba yake ya kuishi ilitoka yote. Hiyo ni ya nyumbani.

Karatasi ya fundi

Kwenye mabati, 20,000 ilikuwa ya hadiwea na 8,000 ya ufundi. Hadiwea walitoa ankara ya eTIMS yenye PIN ya Mama. Fundi aliandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi. Tangu Januari 2024, gharama ya namna hii isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki, hata kama kweli ulilipa. Mishahara na riba haziko kwenye hilo sharti, lakini weka ushahidi: taarifa ya SACCO, na kwa anayefagia tuna meseji za M-Pesa na daftari analotia sahihi kila mwezi.

Ile 8,000 tuliipoteza. Siku hizi kabla fundi hajapanda juu ya bati namuuliza kama ana PIN na kama anatoa eTIMS. Anaweza kuitoa kwa simu ya kawaida, *222#. Na unapolipa hadiwea, taja PIN ya mwenye mali. Ankara ya mabati ikitoka kwa PIN yangu, haimsaidii Mama.

Hesabu ya kweli

Riba, robo tatu ya 84,000: 63,000
Ada ya kaunti, robo tatu ya 12,000: 9,000
Anayefagia, robo tatu ya 48,000: 36,000
Mabati yenye eTIMS: 20,000
Makato ya stoo: 15,000

Jumla 143,000. Toa kwa 510,000, inabaki 367,000.

Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, sawa na 28,800. Zilizobaki 79,000 zinatozwa asilimia 25, sawa na 19,750. Jumla ni 48,550. Toa nafuu ya 28,800, Mama analipa 19,750. Hana mapato mengine. Angekuwa na mshahara au biashara, vyote vingejumlishwa kwenye ritani hiyo moja, na nafuu ni hiyo hiyo moja.

Nilipomwambia alikaa kimya. Kisha akasema, "Wewe uliniambia sifuri." Ni kweli. Nikamweleza: tungetuma ile ya kwanza halafu igundulike, angelipa hiyo 19,750 na adhabu ya asilimia 20 juu yake, au asilimia 75 wakiona ni makusudi. Na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Adhabu hiyo ingekuja kwa jina lake, si langu mimi niliyejaza.

Kujaza na kulipa

Ingia iTax kwa PIN ya mwenye mali, menyu ya Returns, kisha File Return, upakue ile fomu ya Excel ya mkazi. Ukurasa wa faida na hasara una safu tofauti za biashara, kilimo na kodi ya majengo. Jaza safu ya kodi. Mara ya kwanza mimi nilijaza safu ya biashara kwa sababu ni maduka, lakini Mama hafanyi biashara pale, anapangisha. Ukimaliza bonyeza Validate. Ikiona kosa itakuambia ni ukurasa gani. Ikiwa sawa inatengeneza faili ya zip, hiyo ndiyo unapandisha.

Tarehe ziko mbili. Ritani mwisho ni 30 Juni, na ukichelewa adhabu ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Lakini pesa zenyewe mwisho ni 30 Aprili. Anayelipa Juni anafikiri hajachelewa, kumbe amepata adhabu ya asilimia 5 na riba juu. Sisi tulilipa tarehe 28 Aprili.

Sasa Mama ana bahasha tatu kwenye kabati: ya ukarabati, ya ujenzi na ya nyumbani. Risiti inaingia bahasha yake siku ile ile. Juzi alimrudisha fundi wa choo nyumbani kwa sababu hana PIN. Fundi akaja kunilalamikia dukani.