Gari Lako Litauzwa Shilingi Ngapi?

Mtu akitaka kuuza gari alilolitumia miaka minne au mitano, hesabu yake kwa kawaida huanzia mahali pabaya. Huanza na pesa aliyonunulia, akatoa kidogo kwa ajili ya uchakavu, akaongeza redio mpya na rimu alizofunga mwaka jana, akafika kwenye bei ambayo hakuna mnunuzi atakayeielewa. Mnunuzi hajui ulinunua kwa kiasi gani, wala hana haja ya kujua. Yeye anajua kitu kimoja: gari kama hilo, likiwa limeshuka bandarini juzi na kufungwa namba mpya, linauzwa yadi kwa shilingi ngapi leo. Hiyo ndiyo dari. Bei ya gari lako huhesabiwa kwa kushuka kutoka hapo.

Tuchukue Toyota IST ya toleo la kwanza, zile zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ambazo Dar es Salaam ukisimama kwenye foleni yoyote utaziona mbele na nyuma yako. Tuseme mwenye gari alinunua ya mwaka 2005, yadi, mwaka 2021, kwa milioni 13.5 ikiwa imelipiwa ushuru na kusajiliwa. Namba zangu hapa ni za mfano, lakini njia ndiyo wanayopita madalali wenyewe.

Kwanza anauliza yadi mbili tatu: IST ya aina hiyo iliyoingia sasa, pamoja na ushuru na usajili, ni kiasi gani? Anaambiwa milioni 17. Gari halijawa bora kuliko lile la 2021. Kilichobadilika zaidi ni shilingi. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Ushuru nao hupigwa kwa asilimia, kwa hiyo thamani ya gari bandarini ikipanda kwa shilingi, kodi inapanda nayo. Dari ikiinuka, magari yaliyokwisha kuingia nchini huinuka pamoja nayo, na ndiyo maana wapo watu wanaosema gari lao “halijashuka bei” ilhali limeshuka sana.

Pili anatazama matangazo, lakini si ya IST zote. Hapa Tanzania gari lina umri wa aina mbili: mwaka lilipotengenezwa na herufi za namba yake. IST mbili za mwaka 2005, moja namba C na nyingine namba D za mwishoni, hazikaribiani bei, kwa sababu herufi humwambia mnunuzi gari limepigwa na barabara zetu kwa muda gani. Miaka ya Japani haimtishi. Basi anakusanya matangazo tisa ya namba zinazokaribiana na yake. Yanaanzia milioni 10.8 hadi 14.5. Anaitupa ya juu kabisa, anaitupa ya chini kabisa, na katikati ya zilizobaki anapata 12.5. Lakini hiyo ni bei ya “maongezi yapo”. Tangazo lililokaa wiki nane halisemi gari lina thamani gani, linasema tu muuzaji anatamani nini. Yanayotoweka ndani ya siku chache ndiyo ya kuamini. Akitoa milioni moja ya maongezi, anabaki na 11.5.

Tatu ni fundi wa mnunuzi, maana kila mnunuzi makini huja naye. Atabonyeza kona za mbele kusikiliza shokapu na bushi, atatazama kama rangi ya mlango mmoja inatofautiana na wa pili, kisha atalinganisha kilomita za kwenye dashibodi na vitu visivyodanganya: raba ya pedali, ngozi ya usukani, kiti cha dereva kilivyobonyea. Kilomita 80,000 na pedali iliyolika hadi chuma haviendi pamoja. Mara nyingi gari hilo lilifanya teksi ya mtandaoni, au mita yake ilirudishwa nyuma. Kwenye mfano wetu kuna shokapu, bushi na tairi mbili, jumla kama laki saba na nusu. Mnunuzi atakata milioni nzima, kwa kuwa anajilipa na usumbufu wake. Imebaki 10.5. Dalali akichukua asilimia tano, mkononi inabaki takriban milioni 10. Redio na rimu hazikuongeza kitu; zilichofanya, pengine, ni kumvuta mnunuzi apige simu.

Kwa hiyo amepoteza milioni 3.5 kwa miaka minne, yaani kama robo ya pesa aliyotoa. Lakini akitaka kurudi yadi achukue nyingine kama ile, lazima aongeze milioni saba. Ukitaka kujua gari lilikugharimu nini, namba hii ya pili ndiyo ya kweli zaidi.

Sasa chukua gari la Ulaya la umri uleule, tuseme BMW ya mfululizo wa tatu, iliyonunuliwa mwaka huohuo kwa milioni 24. Ni gari zuri zaidi kuendesha, hilo sibishani. Leo mwenyewe anatangaza 17, anapigiwa simu na watu wanaotaja 11, na baada ya miezi anaachia kwa 12. Nusu imekwenda, wala gari halikuwa bovu. Mnunuzi amekata woga: taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, fundi wa mtaani hana kompyuta ya kuisoma, na kipuri huenda kikaagizwa nje.

IST haina woga huo. Injini yake ya lita 1.5, iliyoandikwa 1NZ-FE, ni ileile iliyofungwa kwenye Spacio, Raum, Probox, Fielder, na hata Premio na Allion za lita hiyo. Duka la spea Kariakoo likiweka pampu moja ya maji, linahudumia magari ya majina saba. Fundi aliyeifungua moja amezifungua zote. Gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, si ile ya mkanda, sivitii, ambayo ikitiwa mafuta yasiyo yake huharibika na kuibadilisha ni ghali. Nissan kadhaa nzuri, X-Trail mojawapo, zimeshushwa bei na sifa ya sivitii kuliko na ubovu wenyewe.

Sababu hizohizo ndizo zinazozishikilia Hilux, Hiace, Probox na Land Cruiser za mkonga, ila huko kunaongezeka jingine: gari linaingiza pesa. Mnunuzi wa Hiace anapiga hesabu ya hesabu ya kila siku, si ya rangi. Kinyume chake, Crown ya lita 2.5 ni Toyota halisi na haisumbui, lakini kituo cha mafuta humpunguzia wanunuzi.

Kenya dari hiyo ina kisu. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka minane, kwa hiyo kila Januari mwaka mmoja wa utengenezaji hufungiwa mlango. Toleo pendwa ambalo uzalishaji wake ulikoma hukatika bandarini, na zilizomo nchini hazina mpya za kuzishindanisha bei. Tanzania haifungi mlango, huongeza ushuru kwa magari yaliyozeeka, na ndiyo maana IST ya 2005 bado ilikuwa inashuka Dar miaka ambayo Mombasa ilikwisha kuisahau.

Anayekusudia kuuza mwaka huu afanye kazi ndogo kabla ya tangazo: alipe faini za barabarani, kwa sababu mnunuzi ataziangalia kwa namba ya gari, atafute kadi yenye jina lake mwenyewe, si la mtu wa tatu nyuma, atengeneze bushi na shokapu. Bampa lililokwaruzwa aliache. Rangi mpya upande mmoja humfanya fundi aulize uligonga nini.