Fuata Tangi, Usikariri Karatasi

Anayejiandaa kwa mtihani wa PMP, ule wa usimamizi wa miradi unaotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, hakosi karatasi moja iliyokunjwakunjwa ndani ya begi. Juu yake kuna safu tano: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kudhibiti, kufunga. Chini ya safu hizo imetawanyika michakato 49, na kila mchakato una orodha ya vinavyoingia na vinavyotoka. Wengi huikariri kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha, na wiki mbili baadaye imeshayeyuka.

Hesabu ya safu zenyewe haina shida: 2, 24, 10, 12, 1. Mtu akiona kupanga kumebeba karibu nusu ya michakato yote, ameshajua mradi unahangaikiwa wapi kabla jembe halijagusa udongo. Kazi ngumu ni vinavyoingia na vinavyotoka, kwa sababu ni vingi na majina yanafanana. Dawa yake ni kuacha kusoma karatasi kutoka juu kwenda chini. Chagua kitu kimoja, kisha ukifuate kinavyotoka mchakato huu na kuingia ule, kikibadilishwa jina njiani.

Tuseme mradi ni tangi la maji la kijiji, la zege, lenye mabomba manne ya kuchotea. Mafundi wanamaliza kulijenga. Hapo tuko kwenye kutekeleza, katika mchakato wa kuongoza na kusimamia kazi, na kinachotoka ni tangi tu: limejengwa, lakini hakuna aliyelithibitisha. Tangi hilo linaingia kwenye udhibiti wa ubora. Mhandisi analijaza maji, anaweka alama ya kina, anasubiri, kisha anapima kama maji yameshuka. Likishika maji, linatoka likiitwa tangi lililohakikiwa. Kwa jina hilo linaingia kwenye uthibitishaji wa upeo wa kazi, ambako kamati ya maji ya kijiji inakuja na mkataba mkononi. Ikiridhika na kutia saini, tangi limekubaliwa. Jina hilo la tatu ndilo linaloingia kwenye mchakato pekee wa kufunga, ambako tangi linakabidhiwa rasmi kwa watakaoliendesha.

Watahiniwa wengi hujikwaa kati ya hatua ya pili na ya tatu, na si ajabu, maana zote mbili ni ukaguzi na zote ziko safu ya kufuatilia na kudhibiti. Tofauti iko kwa anayekagua na anachokiuliza. Mhandisi anauliza kama tangi limejengwa sawasawa. Kamati inauliza kama hiki ndicho ilichoagiza. Tangi lisilovuja hata tone linaweza kukataliwa kwa kuwa lina mabomba matatu badala ya manne. Ukikutana na swali linalomtaja mteja akipokea kazi, fikiria upeo. Likitaja vipimo vya mafundi wenyewe, fikiria ubora.

Sasa kamati iseme: tunataka na birika la kunyweshea mifugo. Msimamizi mgeni angemwambia fundi aongeze tu, maana saruji ipo. Karatasi inakataa. Ombi la mabadiliko linaweza kutoka katika michakato mingi, lakini linaingia mlango mmoja tu, udhibiti wa pamoja wa mabadiliko, ambako gharama, muda na athari zake hupimwa. Likiidhinishwa, linarudi kwenye kutekeleza ili lijengwe, na pia linaingia kwenye udhibiti wa ubora ili ahakikiwe kuwa birika lililojengwa ndilo lililoidhinishwa.

Taarifa nazo zina njia yake. Fundi akisema jana wamemwaga zege mita 3 za ujazo, hiyo ni data ghafi, nayo hutoka kwenye kutekeleza. Ikilinganishwa na ratiba na kuonekana kazi imechelewa siku 4, imekuwa taarifa. Ikiandikwa ili wakubwa waamue la kufanya, imekuwa ripoti. Ukizijua njia hizi tatu, sehemu kubwa ya safu ya tatu na ya nne inajipanga yenyewe kichwani.

Lakini karatasi ina mpaka wake. Katika muundo wa mtihani ulioanza Januari 2021, wenye maswali 180 kwa dakika 230, takriban nusu ya maswali yanahusu miradi inayoendeshwa kwa awamu fupifupi au kwa njia mchanganyiko, na huko mtiririko huu hautoshi. Mengi huuliza msimamizi afanye nini kwanza mambo yakiharibika, si kutaja orodha.

Kabla ya kununua au kunakili karatasi ya mtu, angalia safu ya kufunga. Ikiwa na michakato miwili na jumla ni 47, imetoka toleo la tano la kitabu cha PMBOK, la mwaka 2013. Mrudishie mwenyewe.