Kamera ikikataliwa, programu ya stoki inajifunga

Kijana mmoja anayenisaidia dukani alianza kuhesabu mali kwa simu yake. Alipobonyeza kitufe cha kusoma barkodi, simu ikamuuliza kama anairuhusu programu kutumia kamera. Akagusa "Usiruhusu", maana hakuona sababu ya programu ya stoki kupiga picha. Ikajifunga palepale, na makatoni ya sabuni aliyokuwa ameshahesabu bila kuhifadhi yakapotea. Akajaribu tena, akakataa tena. Mara ya tatu swali halikuja kabisa: akibonyeza kitufe tu, inajifunga.

Kijana hakukosea. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, ruhusa ya kamera huombwa programu ikiwa inatumika, na mwenye simu ana haki ya kukataa. Kosa ni la mtengenezaji, aliyeandika ukurasa ule kana kwamba jibu ni ndiyo siku zote. Ukurasa unauliza, haungoji kusikia jibu, unakwenda kuifungua kamera. Mfumo wa simu unauzuia na kurudisha kosa liitwalo `SecurityException`. Kwa kuwa hakuna sehemu iliyoandaliwa kulipokea kosa hilo, Android inaifunga programu nzima.

Na lile swali lililotoweka? Kuanzia Android 11, ukikataa ruhusa ileile mara mbili, simu inachukulia kwamba hutaki kuulizwa tena. Programu ikiomba, inajibiwa "hapana" kimyakimya. Hapo mtumiaji hana tena dirisha la kugusa, na wengi hudhani simu imeharibika.

Wengine hukimbilia kuifuta programu na kuipakua upya. Ni kweli swali litarudi, lakini hesabu zilizokuwa ndani ya simu tu, ambazo hazijatumwa kwenye seva, huenda zikafutika nayo. Njia salama ni kuingia Mipangilio, Programu, uchague programu hiyo, kisha Ruhusa, halafu Kamera, na kuruhusu itumike wakati programu iko wazi. Dukani kwangu ilichukua chini ya dakika moja.

Mtengenezaji naye ana kazi ndogo. Aangalie kwanza kama ruhusa ipo kabla ya kugusa kamera. Ikiwa haipo, ukurasa ubaki wazi, useme kamera inahitajika kusoma mistari tu, uweke kitufe cha kwenda Mipangilio, na chini yake kisanduku cha kuandika namba kwa mkono. Barkodi nyingi za bidhaa za dukani zina tarakimu 13 zilizochapwa chini ya mistari, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 za mwanzo, hivyo ukikosea tarakimu moja programu inaweza kukugundua. Kamera ni njia ya mkato tu. Namba iko pale kwenye katoni.

Ukinunua programu ya stoki, ijaribu kwanza kwa kugusa "Usiruhusu" mara mbili. Ikijifunga, usiilipie.