Tabaka la Joto Lenye Upana wa Kidole

Saa saba mchana kioo cha paneli ya sola juu ya paa kimefika nyuzi 60 za selsiasi, na hewa inayopita juu yake ina nyuzi 30. Upepo wa mita 3 kwa sekunde unaingia kwenye ukingo mmoja, unateleza sambamba na kioo na kutokea ukingo wa pili, mita 1 mbele. Je, halijoto inashuka wapi kutoka 60 hadi 30? Wengi hudhani inapungua polepole kwa umbali wa shubiri nzima. Hapana. Kwenye ukingo wa mwisho mshuko wote unatokea ndani ya milimita 12 hivi, upana wa kidole. Sentimita 10 kutoka ukingo wa mwanzo unatokea ndani ya milimita 4 tu.

Utando huo unaitwa tabaka la mpaka la joto. Ndani yake kuna tabaka jingine, la mwendo: hewa inayogusa kioo imesimama kabisa kwa sababu ya mnato, na kadiri unavyopanda juu inaongeza kasi mpaka ifikie ule mwendo wa mita 3. Ludwig Prandtl aliieleza picha hii mjini Heidelberg mwaka 1904. Tatizo ni kwamba milinganyo yake inataka ujue mwendo na joto la kila nukta ndani ya utando, na hiyo ni kazi nzito.

Mwaka 1921 Theodore von Kármán, aliyekuwa Aachen, alionyesha njia nyepesi zaidi. Mwenye kivuko hahitaji kujua kila abiria amekaa kiti gani. Akihesabu waliopanda na walioshuka, hesabu yake imekamilika. Vivyo hivyo, tuache kudai ukweli kwenye kila nukta, tudai tu kwamba jumla ya joto la tabaka zima ilingane: joto linalotoka kwenye kioo liwe sawa na ongezeko la joto linalobebwa na upepo. Hiyo ndiyo njia ya integrali.

Ili kujumlisha, lazima tukisie umbo la mshuko wa joto. Tunachagua mlinganyo wa kipeo cha tatu. Ukiwa na vigawo vinne, unahitaji mambo manne ya kuuongoza, na yote manne tunayajua. Kwenye kioo halijoto ni ya kioo. Kwenye ukingo wa juu wa tabaka ni ya hewa huru. Pale juu mshuko umekwisha, kwa hiyo mteremko ni sifuri. Jambo la nne ndilo lenye akili zaidi: hewa inayogusa kioo haisogei, basi haibebi joto kwenda popote. Joto linapita tu kutoka chembe hadi chembe, na mstari wa halijoto hapo haupindi.

Tuite n umbali kutoka kwenye kioo ukigawanywa kwa unene wa tabaka, na s sehemu ya mshuko iliyokwisha kutokea. Jambo la kwanza linafuta kigawo kisicho na n, la nne linafuta kigawo cha n². Vinabaki viwili: vikijumlishwa lazima vitoe 1, na cha kwanza kikijumlishwa na mara tatu ya cha pili lazima vitoe 0. Jibu ni moja tu:

s = 1.5n − 0.5n³

Kwa tabaka la mwendo tunatumia umbo hilo hilo, na mizani ya msukumo inatupa unene wake: mara 4.64 ya umbali kutoka ukingo wa mwanzo, ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha namba ya Reynolds. Kwenye ukingo wa mwisho wa paneli yetu namba hiyo ni kama 171,000, na unene unakuwa milimita 11.2.

Sasa mizani ya joto. Ukizidisha mwendo kwa halijoto na kujumlisha kutoka kwenye kioo hadi juu, unapata sehemu mbili: kubwa, na ndogo inayotolewa kutoka humo. Ile ndogo inaachwa. Uwiano wa unene wa tabaka la joto kwa lile la mwendo, tuuite z, unatoka hivi:

z³ = 13 / (14 Pr)

Pr ni namba ya Prandtl, inayopima jinsi mnato unavyoenea ukilinganisha na joto. Kwa hewa ni 0.7 hivi, basi z ni 1.1, na 11.2 inakuwa ile milimita 12. Mteremko wa umbo letu kwenye kioo ni 1.5, hivyo kila mita ya mraba pale mwisho inapoteza wati 3.4 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Wastani wa paneli nzima ni mara mbili yake. Kwa tofauti ya nyuzi 30, upepo unaondoa kama wati 200 kwa kila mita ya mraba, mbali na mionzi.

Je, kisio kinaaminika? Ernst Pohlhausen alitatua milinganyo kamili mwaka huo huo wa 1921, na kigawo cha uhamaji joto kinachotokana na kazi yake ni 0.332. Chetu ni 0.331. Hata ukichukua mstari ulionyooka badala ya kipeo cha tatu, unapata 0.289, pungufu ya asilimia 13 tu. Lakini naomba msomaji asishangilie haraka. Kwa Pr ya 1, kama tusingeacha ile sehemu ndogo, tungepata 0.323. Kuiacha ni kosa, na kosa hilo limefuta karibu lote kosa la umbo tulilokisia. Ni bahati njema, na anayeitumia fomula hii anapaswa kuijua.

Njia hii inaonyesha uwezo wake pale joto linapoanza katikati. Tuseme nusu ya kwanza ya paneli iko kivulini na ina nyuzi 30 kama hewa. Tabaka la mwendo linaanza ukingoni, la joto linaanza nusu ya njia. Mizani ile ile inaonyesha kwamba pale mwisho tabaka la joto ni asilimia 74 ya lile la awali, na joto linatoka kwa kasi iliyozidi asilimia 35. Si ajabu: hewa imefika ikiwa haijapashwa.

Mipaka yake ni miwili. Hesabu nzima ilidhani tabaka la joto liko ndani ya tabaka la mwendo. Hewa inavuka sharti hilo kidogo, na kosa halifiki asilimia 1. Kwa zebaki z inapita 3, joto jingi liko nje kabisa ya tabaka la mwendo, na fomula hii haifai. Pili, namba ya Reynolds ikipita 500,000 hivi, mtiririko huacha utulivu na kuwa wa vurugu. Upepo wa paani huja kwa mafungu na huvuruga tabaka mapema zaidi, kwa hiyo zile wati 200 zichukuliwe kuwa kiwango cha chini. Ukipima na kupata zaidi, usiulaumu mlinganyo. Angalia kwanza upepo.